Barua ya wazi kwa maimamu na wenyeviti wa mitaa ya Ngamiani: mchele wa fitri upo, mikono ndiyo haitoshi

Masheikh na maimamu wetu, wajumbe wa kamati za misikiti, waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa katika kata zetu tatu za Ngamiani: Kaskazini, Kati na Kusini.

Assalamu alaykum. Na mlio wakubwa kwangu, shikamooni.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la fitri kwenye mitaa michache ya hapa Tanga. Naandika sasa, mwezi wa Ramadhani haujaandama, kwa sababu mazungumzo haya kila mwaka huwa tunayafanya usiku wa kuamkia Idi, tumesimama mlangoni mwa stoo, mmoja kashika tochi, mwingine anauliza bajaji ya pili imeishia wapi. Saa hizo hakuna la kupanga tena. Ni kubeba tu, na kulaumiana kidogo.

Mwaka jana, alfajiri ya Idi, watu wameshaanza kutoka na kanzu zilizopigwa pasi, katika stoo ya msikiti mmoja nisioutaja vilikuwa vimebaki viroba 43 vya kilo 5. Kila kimoja kilikuwa na nyumba yake daftarini. Mchele wenyewe ulikuwa ndani tangu mfungo wa 25, kwa hiyo hakuna wa kusema mchango ulichelewa. Waliokosekana ni watu wa kuupeleka. Tulikimbia navyo, tukafikisha vingi kabla ya takbira ya swala, na vingine vikafika watu wakiwa wanarudi. Hukumu yake mnaijua kuliko mimi. Katika hadithi ya Ibn Abbas, kinachotolewa kabla ya swala ni zaka iliyokubaliwa, na kinachotolewa baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Waliotoa walitoa kwa wakati wao. Sisi mawakala ndio tuliowachelewesha. Na hata tukiiweka hukumu kando, mama anayegongewa mlango saa 4 asubuhi siku ya Idi ana uchaguzi gani? Ameshapika alichokuwa nacho, au ameshawatuma watoto kwa jirani.

Basi ombi langu kwenu ni watu. Sitaki kusema "vijana wajitokeze" kama tunavyosema kila mwaka kwenye kipaza sauti, halafu wanajitokeza thelathini siku moja, hakuna anayejua ashike nini, na kesho yake wanarudi wanne. Nataka kuwaeleza kazi yenyewe ilivyo, ina mikono mingapi na saa ngapi, ili mkisimama kutangaza mjue mnaomba nini.

Tuchukue hesabu ya fitri ya watu 1,200. Kila kichwa ni pishi moja, yaani vibaba vinne, na kwa mchele tunapima kilo 2.5. Wapo wanaofikisha kilo 3 kwa tahadhari, nao wako sawa, ila hesabu yetu ya chini ni hiyo. Watu 1,200 wanatupa kilo 3,000, ambazo ni magunia 60 ya kilo 50. Tukifunga kwenye viroba vya kilo 5 tunapata viroba 600. Nyumba ndogo inapata kimoja, nyumba yenye watu wengi inapata viwili. Katika mpango wetu nyumba 240 zinapata kimoja na nyumba 180 zinapata viwili. Jumla nyumba 420.

Kufunga si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Meza moja inataka watu wanne: mmoja anachota, mmoja anasoma mizani, mmoja anafunga, mmoja anapanga na kuhesabu. Wanne hawa wakizoeana wanatoa viroba 80 kwa saa. Meza tatu, watu 12, wanamaliza viroba 600 kwa saa mbili na nusu. Tatizo la zamu hii ni saa yake. Tumezoea kuiita baada ya tarawehe, na wanaoiweza zaidi ni kina mama, ambao saa hiyo wana vyombo vya futari mbele yao na daku nyuma yake. Safari hii naomba iwe asubuhi, kuanzia saa 3 hadi saa 5 na nusu, siku ya mfungo wa 28. Jua halijawa kali, mwili bado una daku yake, na hakuna wa kunyanyua gunia, kwa kuwa magunia yatakuwa yameshawekwa mezani usiku wake na vijana. Tafadhali pia msiipange kazi yoyote usiku wa 27. Kila mwaka kuna anayesahau kwamba usiku hutangulia mchana, anaipanga "tarehe 26 jioni", halafu anashangaa watu wote wamo msikitini.

Mizani ndiyo inayonikosesha usingizi. Mchotaji mwenye huruma huongeza kidogo kila kiroba, na huruma yake naielewa. Lakini gramu 100 za ziada kwenye viroba 600 ni kilo 60, na kilo 60 ni viroba 12. Kwa hiyo mwishoni zinabaki nyumba kadhaa zisizo na kitu, na hakuna aliyeiba. Mwaka mmoja tulifungua uchunguzi mzima kwa sababu hiyo, tukamtilia shaka mlinzi, hadi bibi mmoja akasema tupime tena viroba vilivyofungwa. Vingi vilikuwa na kilo 5 na robo ya robo. Tulimwomba mlinzi radhi.

Na gunia lenyewe lipimwe linapoingia, kabla halijasainiwa. Lililoandikwa kilo 50 halina 50 kila mara. Likipungua kilo moja, andika 49, na mwenye duka aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki ijayo atasema tumeshachota. Anayepokea pia azamishe mkono mpaka katikati ya gunia. Mkono ukitoka na vumbi jeupe, au ukisikia joto ndani, gunia hilo litengwe. Vumbi ni fukusi, joto ni unyevu. La fukusi linaweza kuanikwa juani kwenye majamvi na kupepetwa. Lenye unyevu na harufu ya uvundo halipelekwi kwa mtu yeyote. Masheikh mtuunge mkono kwa hili, maana yupo anayeleta mchele asioweza kuula yeye mwenyewe, na sisi wa daftari hatuna kifua cha kumrudisha.

Miaka hii Idi inatuangukia kwenye masika au mlangoni mwake. Ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 Machi 31, na inazidi kurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Stoo nyingi za misikiti yetu zina sakafu ya saruji inayopandisha maji mvua ikinyesha siku mbili. Gunia likilala chini, mchele wa chini unagandamana. Tunahitaji chaga, hata za mbao za makreti, na magunia yasiegemee ukuta. Mifuko nayo ichaguliwe kwa akili. Ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na ile ya karatasi ya kaki haivuki dimbwi moja kwenye mvua ya Ngamiani. Viroba vidogo vya kufumwa, au mifuko mbadala mizito, ndivyo vinavyofika. Gharama ya mifuko na mafuta ya bajaji tusiitoe kwenye fitri. Iwe na mchango wake na kijitabu chake.

Sasa nije kwenye kupeleka, ambako ndiko tunakokwama. Jozi moja ya watu, mwenyeji wa mtaa na mwenzake, inapita nyumba 10 kwa saa. Haiwezi zaidi, kwa sababu hugongi mlango wa mtu ukatupa kiroba ukaondoka. Utakaribishwa, utaulizwa hali ya mama yako, na utajibu. Zamu ya saa mbili ni nyumba 20. Kwa nyumba 420 tunataka zamu 21 za jozi. Nikiwa na jozi sita, na kila jozi ikatoka mara nne, napata zamu 24, na zile tatu za ziada ni za nyumba zilizofungwa na watu waliohama. Mwaka jana nilikuwa na jozi tatu.

Watu 12 tu, waheshimiwa. Mitaa yote hii, watu 12 wa kutembea saa mbili mara nne.

Mara hizo nne zipangwe hivi: mfungo wa 28 baada ya alasiri, na tena baada ya isha, mfungo wa 29 asubuhi saa 2, na tena baada ya alasiri. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akiitoa siku moja au mbili kabla ya Idi, na kwa madhehebu yetu ya Shafii kuitanguliza ndani ya Ramadhani kunajuzu, kwa hiyo hatuvunji chochote. Tunachokwepa ni mwezi. Siku ya 29 watu wanautafuta magharibi, na tangazo linaweza kufika saa 3 usiku au baadaye. Swala ya Idi ni saa 1 na nusu au saa 2 asubuhi. Ukisubiri tangazo ndipo uanze kugawa, umebakiwa na usiku mmoja, na katika usiku huo kila unayemhitaji yuko sokoni, kwa fundi cherehani au kwenye tambi. Halafu kuna jambo tunalolijua wote na hatulitaji kwa adabu: mitaa hii ina wanaofuata tangazo la kitaifa na wanaofuata mwezi wa popote. Nyumba mbili zinazogusana ukuta zinaweza kuswali Idi siku mbili. Sitaki barua hii iingie kwenye mjadala huo. Nasema tu kwamba tukihesabu kwa mfungo wa waliotangulia kufunga, mchele ukifika kabla ya jua la 29 kuzama, utakuwa umefika kwa wakati kwa wote wawili.

Usiku wenyewe wa Idi tuuache kwa zamu ndogo ya watu wanne, kuanzia baada ya isha hadi saa 6, kwa ajili ya wale wanaokumbuka fitri wakishasikia takbira. Wapo kila mwaka, nao huja na watoto wao mikononi wakihesabu vichwa. Wanne hawa wawe na orodha fupi ya nyumba 15 zilizo karibu, ambazo zimekubali kugongewa usiku, basi.

Yupo atakayeuliza kwa nini tusiwaite wenye haki zao waje wapange foleni msikitini, kazi ikaisha kwa saa moja. Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, mjini Sanaa nchini Yemen, watu walikusanyika usiku kwenye jengo moja kupokea msaada wa fedha. Zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana. Sisi hatuna umati wa namna ile, lakini mlango wa stoo yetu ni mmoja, upana wake hauzidi ubao mmoja, na nje yake kuna mtaro. Tena foleni ina aibu yake. Yule ambaye mumewe alikuwa fundi wa watu wote, leo kalala hajiwezi, hatakuja kusimama mbele ya wanafunzi wa madrasa na kikapu. Atabaki ndani. Anayekuja mara tatu ni mwenye nguvu ya kuja mara tatu. Kwa sababu hiyo hiyo naomba tusipige picha. Kama wafadhili wanataka kuona, waonyeshwe picha ya magunia.

Hapo ndipo ninapowahitaji wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi. Kila msikiti una orodha yake. Zikisomwa pembeni kwa pembeni unaona jina moja likitokea mara tatu, mara Mwanaidi, mara mama wa fulani, mara mjane wa barabara ya 9, na ni mtu mmoja. Na pale pale kuna nyumba isiyo kwenye orodha yoyote, kwa kuwa mwenyewe hana mtoto madrasa na hana ndugu kwenye kamati. Orodha ziunganishwe kwa kikao kimoja, mfungo wa 20, ukumbi wowote, saa mbili zinatosha. Kipimo kiwe chungu: wanaokula chungu kimoja ni nyumba moja, hata kama wako vyumba vitatu vya kupanga. Balozi asome nyumba kwa nyumba, na kamati ziseme ndiyo au hapana. Jina la mwenye shida lisiandikwe kwenye kiroba. Tuandike namba, na daftari la majina abaki nalo mtu mmoja.

Katika kikao hicho mtakuta pia nyumba zenye dhiki ambazo si za Waislamu. Fitri ina watu wake, lakini kila mwaka hapa tunaletewa pia sadaka ya kawaida, sukari, mafuta, nazi na tambi, na hiyo inaenda kwa jirani yeyote. Iwe na meza yake na daftari lake. Mwaka jana kijana mmoja Mkristo wa barabara ya jirani alitusaidia kwa pikipiki yake jioni nzima, akaikataa hela ya mafuta, na mwisho alikuwa anajua nyumba za wajane kuliko baadhi yetu.

Ulinzi wa stoo ni zamu ambayo haina wagombea. Watu wawili wawili, kuanzia tarawehe hadi daku, siku tatu. Ninapowaomba vijana huwa nawakumbusha kisa cha Abu Huraira, aliyepewa na Mtume, rehma na amani zimshukie, kazi hii hii ya kulinda zaka ya Ramadhani. Usiku akaja mtu anachota chakula, akamkamata, akalia ana watoto na shida, akamwachia. Akarudi tena usiku wa pili, na wa tatu. Safari ya tatu akamfundisha Ayatul Kursi ndipo akaachiwa, na Mtume akamwambia kwamba yule alikuwa Shetani, amesema kweli naye ni mwongo. Vijana hukipenda kisa hiki. Hujipanga wenyewe. Kinachowashinda ni mbu, kwa hiyo anayeweza kutoa chandarua na chupa ya kahawa ya tangawizi atakuwa ameshika nusu ya zamu.

Sasa niwaombe kwa majina ya vyeo vyenu. Maimamu, Ijumaa ya pili ya Ramadhani tangazeni zamu, msitangaze "msaada". Semeni: watu 12 wa kufunga, asubuhi ya 28, vijana wanane wa kupokea na kunyanyua magunia, kuanzia mfungo wa 20, saa 3 na nusu usiku hadi saa 5, jozi sita za kupeleka, watu sita wa ulinzi, wanne wa usiku wa Idi. Jumla ni 42, na kila mmoja anajua siku yake ya kuanza na saa yake ya kwenda nyumbani. Daftari la kujiandikisha liwe kwa mtunza msikiti, na anayejiandikisha aandike pia jina la atakayemshikia akipata udhuru. Safu hiyo moja ya "atakayenishikia" ndiyo iliyotuokoa zamu ya kupokea mwaka jana, nilipofiwa na shangazi mfungo wa 23.

Walimu wa madrasa, tupeni vijana wakubwa, na katika kila jozi ya kupeleka pawe na mwanamke, kwa sababu tunagonga milango ya wajane na wazazi waliojifungua juzi. Kamati, wale wanaotoa fedha na kutuachia tuwanunulie mchele, fedha zao zisikae kwenye bahasha hadi mfungo wa 28 wakati bei sokoni Mgandini imeshajua kuna Idi. Zinunue kila Ijumaa. Na mwenye baiskeli, hapa Tanga nani hana? Baiskeli moja yenye kibebeo imara inachukua viroba vinane, na inapita vichochoro ambavyo bajaji inavikataa.

Nawaombeni kama mtoto wenu wa mtaani. Najua nimewachosha kwa kilo na saa. Lakini kuna mzee mmoja, jicho lake moja halioni, ambaye mwaka jana alipopokea kiroba jioni ya 29 alikipima kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Hii ni pishi mbili kamili. Nani kapima?" Alikuwa akiuza nafaka zamani. Nikamwambia waliopima ni mama wawili wa barabara ya 12. Akasema nimwandike kwenye zamu ya mwaka huu, ya mizani. Nimemwandika, wa kwanza. Zimebaki nafasi 41 za kujazwa.

Kikao cha orodha, mkikubali, kiwe baada ya alasiri, tukimaliza kabla ya futari. Zamu ya kwanza ya kupokea itaanza usiku huo huo. Mizani itakuwa mezani, na pembeni yake nitaweka chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Atakayetangulia kufika aiweke juu ya mizani kabla hajagusa mchele. Ikisoma chini ya kilo 1.5, asipokee gunia hata moja, anisubiri nije.

Mshika daftari la fitri,
Ngamiani, Tanga